Advansi na Mkopo wa Mfanyakazi: Kanuni za Kumlinda Yeye na Kulinda Sanduku la Kikundi



Vikundi vingi vya kujisaidia hapa Uasin Gishu na Nandi vilianza bila mtu wa kulipwa. Wanachama walipima maziwa wenyewe, wakasaga mahindi wenyewe, wakalala zamu ya ulinzi. Kikundi kikikua huajiri karani, mpimaji, mlinzi. Na haupiti mwezi wa pili kabla mmoja wao hajaja kwa mweka hazina na kusema, "Mama, nisaidie kidogo, mtoto amefukuzwa shule. Utanikata mwisho wa mwezi."

Mweka hazina ni jirani yake, anamjua huyo mtoto. Anafungua sanduku na kutoa. Hatumlaumu. Lakini katika somo hili tutaangalia pesa hizo zinatoka wapi hasa, maana hapo ndipo vikundi vingi hukwama, na hapo ndipo kanuni nzuri huanzia.

Kwanza tutenganishe maneno mawili ambayo watu huyachanganya. Advansi ni mshahara unaotolewa kabla ya tarehe yake, kwa siku ambazo mfanyakazi ameshazifanyia kazi. Mkopo ni pesa za siku ambazo bado hajazifanya. Mpimaji wa maziwa anayelipwa shilingi 18,000 kwa mwezi, tarehe 16 ameshafanya nusu ya mwezi, yaani ameshapata 9,000 kwa jasho lake. Ukimpa 6,000 siku hiyo umempa kilicho chake. Akiacha kazi kesho, kikundi bado ndicho kinachodaiwa. Lakini ukimpa 18,000 siku hiyo hiyo, 9,000 kati ya hizo ni za kazi ambayo haijafanyika. Huo ni mkopo, hata kama kwenye daftari umeandika "advansi".

TUCHUKUE MFANO

Huu ni mfano wa hesabu tu, lakini wenye kituo cha kupozea maziwa watauona kama wao. Kikundi kinakusanya lita 9,000 kwa mwezi na kuuza kwa kiwanda kwa shilingi 52 kwa lita. Mkulima analipwa shilingi 42. Kiwanda kinalipa tarehe 12 ya mwezi unaofuata, na kikundi kinalipa wakulima tarehe 15. Wafanyakazi ni wanne: karani 22,000, mpimaji 18,000, mlinzi 15,000 na msaidizi 15,000. Jumla ni 70,000, na hulipwa mwisho wa mwezi.

Tarehe 12 pesa zinaingia benki: 468,000. Tarehe 13 msaidizi anaomba 10,000, na tarehe 14 karani anaomba 15,000. Mweka hazina anatazama salio na kuona karibu laki tano. Nani angesema hakuna pesa?

Sasa tuhesabu pamoja. Za wakulima ni lita 9,000 mara 42, yaani 378,000. Hizo si za kikundi hata siku moja, ni maziwa ya watu yaliyokwisha nywewa. Zinabaki 90,000. Mishahara ni 70,000. Mchango wa mwajiri kwa NSSF na kwa ushuru wa nyumba ni 5,250. Stima tuseme 12,000. Ukiondoa hayo yote, zinabaki 2,750. Katika salio la 468,000, pesa ambazo kikundi kinaweza kusema "hizi ni zetu, tufanye tutakavyo" ni 2,750 tu.

Kutoka hapo kanuni mbili zinajitokeza zenyewe. Ya kwanza: advansi inatoka kwenye fungu la mishahara la 70,000, basi isitolewe kabla wakulima hawajalipwa na fungu hilo halijatengwa. Katika mfano wetu tungesema advansi zitolewe kati ya tarehe 16 na 22 peke yake. Mfanyakazi akijua tarehe, hatakuja tarehe 5, na mweka hazina hatahitaji kusema uongo kwamba hana funguo.

Ya pili: mkopo hauwezi kutoka kwenye fungu la mishahara, kwa sababu mwisho wa mwezi wenzake watatu wanalisubiri. Ni lazima utoke kwenye akiba ya kikundi chenyewe, zile 2,750 za kila mwezi. Kikundi kikiweka 2,000 kwa mwezi, baada ya miezi 18 kitakuwa na fungu la mikopo la 36,000. Kabla ya hapo, jibu la haki kwa anayeomba mkopo mkubwa ni "bado hatuna", hata kama benki kuna laki nne.

Tuongeze jambo moja ambalo wenyeji wa huku wanalijua. Maombi huongezeka Januari kwa karo ya shule, na tena Machi na Aprili wakati wa mbegu na mbolea, maana wafanyakazi wetu nao ni wakulima. Lakini kuanzia Desemba mpaka Machi ni kiangazi, nyasi zimekauka na maziwa yamepungua. Lita zikishuka kutoka 9,000 hadi 6,000, zile 90,000 zinakuwa 60,000, na gharama za mishahara, michango na stima bado ni 87,250. Kikundi kina upungufu wa 27,250 katika mwezi ule ule ambao kila mtu anaomba. Kwa hiyo tunashauri mkopo wa karo uombwe Novemba, fungu likiwa limejaa, na Januari mpaka Machi mikopo mipya ifungwe. Advansi ya kawaida iendelee ikiwa mishahara imetengwa kweli.

Na pesa za mfadhili? Ikiwa kikundi kimepewa ruzuku ya kununua mtungi wa kupozea au kuchimba kisima, shilingi ya ruzuku hiyo isiguse advansi hata kwa siku tatu. Mkaguzi akija hatauliza kama ilirudishwa. Atauliza kwa nini ilitoka.

SHERIA INASEMA NINI

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, iliyoanza kutumika Juni 2008, ina mambo matatu yanayotuhusu. Tuyaseme kwa lugha ya kawaida.

La kwanza ni kwamba makato yote ya mfanyakazi kwa mara moja yasizidi theluthi mbili za mshahara wake. Theluthi moja ni lazima imfikie mkononi. Hapo yanahesabiwa makato yote pamoja: ya serikali, ya mkopo, ya chama cha akiba na mikopo.

La pili, mkopo ambao mwajiri amempa mfanyakazi unakatwa kwa mapatano ya maandishi, na kiasi kinachokatwa kisizidi nusu ya mshahara unaobaki baada ya makato mengine. Maneno ya mdomo mbele ya sanduku si mapatano ya maandishi. Mfanyakazi akienda kulalamika kwamba alikatwa bila ridhaa, kikundi kitaonyesha nini?

La tatu wengi hawalijui. Mwajiri akitoa advansi inayozidi mshahara wa mwezi mmoja, au miezi miwili kwa mwenye mkataba wa maandishi, kile kilichozidi hakiwezi kudaiwa mahakamani. Ni kama sheria inamwambia mwajiri: ukimtwika mtu deni kubwa kuliko uwezo wake, usije kwangu. Na ni kinga kwa mfanyakazi pia, maana zamani mtu aliweza kufungwa shambani miaka kwa deni la advansi lisilokwisha. Basi kikundi kisivuke mshahara wa mwezi mmoja kwa mkopo wowote.

Wengine husema, "Akiondoka tutakata kwenye kiinua mgongo." Angalieni hapo. Sheria hiyo hiyo inasema mfanyakazi aliye mwanachama wa NSSF hadai malipo ya utumishi kwa mwajiri chini ya kifungu hicho. Kama mnamchangia NSSF, na mnapaswa kumchangia, huenda hakuna kiinua mgongo cha kukata. Kinachobaki ni siku alizofanya mwezi huo na likizo asiyoichukua, na hiyo kwa mtu wa 15,000 si pesa nyingi.

Kuhusu riba: vikundi vingi huwapa wafanyakazi mkopo bila riba, na ni jambo jema. Ila sheria ya kodi inamtaka mwajiri alipe kodi juu ya nafuu anayompa mfanyakazi kwa mkopo wa riba ndogo au usio na riba. Kabla hamjaanza fungu la mikopo, karani apite ofisi ya KRA mjini Eldoret aulize inavyowahusu.

KUPIMA UWEZO WA MTU MMOJA

Turudi kwa mpimaji wetu wa 18,000. Kwa viwango vya sasa NSSF inakata asilimia 6, yaani 1,080. Bima ya afya ya SHA ni asilimia 2.75, yaani 495. Ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5, yaani 270. Kodi ya mapato haimfikii kwa mshahara huo. Makato ni 1,845, na zinabaki 16,155.

Sheria ingeruhusu kikundi kumkata hadi 8,077 kwa mkopo, na ikijumlishwa na yale makato mengine bado hajafika theluthi mbili. Lakini sisi tunaona kiasi hicho ni kikubwa mno kwa mtu mwenye watoto. Sheria inaweka ukingo wa shimo, haisemi mjenge nyumba ukingoni. Tunashauri kikundi kijiwekee kanuni yake: mfanyakazi asipeleke nyumbani chini ya nusu ya mshahara wake mzima. Kwa mpimaji nusu hiyo ni 9,000.

Sasa anaomba mkopo wa 18,000 wa karo, kulipa kwa miezi 6. Kila mwezi ni 3,000. Toa 3,000 kwenye 16,155, zinabaki 13,155. Ni zaidi ya 9,000, basi anaweza. Mwezi unaofuata, tarehe 17, anaomba advansi ya 6,000, kiwango cha juu tulichokubaliana, yaani theluthi ya mshahara. Hapo karani anafanya hesabu: 13,155 toa 9,000 ni 4,155. Anaweza kupata 4,000, siyo 6,000.

Lakini mpimaji ana hisa katika chama cha akiba na mikopo, na kwa barua yake kikundi kinamkatia 2,500 kila mwezi kupeleka huko. Zile 13,155 zinakuwa 10,655, na nafasi iliyobaki ni 1,655 tu. Kama karani hakuyaweka makato hayo mbele yake, angempa 4,000 na mwisho wa mwezi mtu angepokea 6,655. Mwezi mmoja wa namna hiyo unazaa advansi ya mwezi wa pili. Na kwa kuwa tumetaja chama cha akiba na mikopo: makato mliyomkata kupeleka huko yapelekwe. Kuyatumia kununua dizeli "kwa muda" ni kula pesa za mtu mwingine, na sheria inaliona kosa.

UGONJWA WA ADVANSI ISIYOKWISHA

Huu ndio ugonjwa wa kawaida kuliko yote. Mlinzi anachukua 5,000 mwezi wa Mei. Mwisho wa mwezi anakatwa zote, anapokea pungufu, na kufika tarehe 16 Juni hana kitu. Anachukua 5,000 tena. Kwenye daftari hadaiwi, maana kila mwezi analipa kikamilifu. Lakini kwa kweli ana tundu la 5,000 ambalo halizibiki, na analihamisha tu kutoka mwezi mmoja kwenda mwingine.

Utaligundua kwa kufungua daftari la advansi na kusoma majina kwa mstari. Jina moja, kiasi kile kile, miezi mitatu mfululizo: hapo kamati isitie sahihi ya nne. Amwite mwenyekiti, kwa heshima na faraghani, amuulize. Mara nyingi ni deni la dukani au la mkopo wa simu lenye riba kali. Dawa yake ni kuigeuza ile advansi ya mwisho kuwa mkopo mdogo unaolipwa kidogo kidogo: zile 5,000 zilipwe 1,250 kwa miezi minne, na katika miezi hiyo asipewe advansi nyingine isipokuwa ugonjwa au kifo. Mwezi wa kwanza atapokea karibu mshahara wake wote, na mzunguko unakatika. Kumkatalia ghafla, bila njia hiyo, ni kumsukuma kwa wakopeshaji wa simu.

KARATASI TATU, SIO ZAIDI

Ya kwanza ni fomu ya ombi, nusu ya ukurasa yatosha. Jina, mshahara, makato yaliyopo, kiasi anachoomba, ni advansi au ni mkopo, atalipa kwa miezi mingapi, na maneno haya: "Nakubali kiasi hiki kikatwe katika mshahara wangu, na nikiacha kazi, salio likatwe katika malipo yangu ya mwisho kadiri sheria inavyoruhusu." Sahihi yake na tarehe. Chini sahihi mbili za waliokubali. Asiwepo mtu anayejiidhinishia mwenyewe. Ombi la karani liende kwa mwenyekiti na mweka hazina, hata kama karani ndiye anayezitunza hizo fomu.

Tunaulizwa kuhusu wadhamini. Katika kikundi chenye wafanyakazi wanne sisi hatuwapendi. Mlinzi akimdhamini karani, na karani akatoroka, ni mlinzi wa 15,000 atakayelipa, na huenda alitia sahihi kwa sababu aliogopa kumkatalia mkubwa wake. Afadhali mkopo uwe mdogo.

Ya pili ni daftari la advansi na mikopo, kila mfanyakazi na ukurasa wake: tarehe, alichopewa, alichokatwa, salio. Mfanyakazi atie sahihi kila mwezi kando ya salio. Hapo hakuna atakayesema "nilimaliza Agosti".

Ya tatu ni vocha ya malipo. Pesa zikipelekwa kwa M-Pesa, zitoke kwenye laini ya kikundi, siyo simu ya mweka hazina, na ujumbe wake unakiliwe nambari kwenye vocha. Vile vikaratasi ndani ya sanduku, "nimechukua 500, mimi fulani", vichomwe vyote siku kanuni inapoanza, baada ya kuvihamisha kwenye daftari. Sanduku lenye vikaratasi halihesabiki.

Kuna kosa moja la uandishi linalokula pesa kimya kimya. Mweka hazina anatoa advansi ya 6,000 na kuiandika kwenye safu ya mishahara. Mwisho wa mwezi mwingine analipa mishahara kamili 70,000, naye anaandika mishahara. Mwezi huo mishahara imekuwa 76,000 na mpimaji amelipwa mara mbili, bila mtu kukusudia wizi. Advansi si matumizi, ni deni, iandikwe kwenye safu yake mpaka ikatwe. Njia rahisi ya kujua kama kosa hili limekuwa likiwapata ni kujumlisha safu ya mishahara ya mwaka mzima. Kwa kikundi chetu cha mfano, mishahara 70,000 kwa miezi 12 ni 840,000. Mkipata 871,000 na hakuna aliyeongezwa mshahara wala kibarua, tafuteni 31,000.

NA WANAKAMATI JE?

Hapa mikutano huwa mirefu. Mwanakamati asiyelipwa mshahara hana advansi, kwa sababu hakuna mshahara wa kukata. Akihitaji pesa kuna mzunguko wa wanachama wenyewe, wenye kanuni zake. Mwanakamati anayepokea "advansi" kwenye sanduku la kituo amechukua maziwa ya jirani zake, na mlinzi anayeona hivyo hatakubali kukatwa kwa amani. Kanuni hii iandikwe kwa sentensi moja, isomwe kwenye mkutano mkuu, na ipitishwe kabla ya ile ya wafanyakazi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Fungueni kitabu cha benki cha mwezi uliopita. Siku salio lilipokuwa kubwa kuliko zote, ni kiasi gani kilikuwa cha wakulima au wateja, na kiasi gani chetu?

2. Kikundi chetu kinapata pesa kidogo miezi gani? Wafanyakazi wetu huomba zaidi miezi gani? Tarehe zetu za advansi ziwe zipi?

3. Chukueni mfanyakazi mmoja, kwa ridhaa yake, mfanye hesabu ya makato yake yote. Je, nusu ya mshahara inamfikia nyumbani?

4. Kuna jina linalojirudia miezi mitatu kwenye daftari letu? Tutazungumza naye nani, na tutampa njia gani?

5. Jumlisheni mishahara ya mwaka jana. Inalingana na tuliyokubaliana?